Saba Haulizwi

Siku mke alipokwenda kusomewa namba za ndoa yake, mume alikuwa ametimiza wiki mbili bila kazi, na hakuwa amemwambia mtu. Kila asubuhi alitoka na sare yake ya kijivu iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni na mkoba begani, akarudi saa ile ile aliyokuwa akirudi miaka yote. Mke aliona jambo moja tu: mtu aliyekuwa mkimya sasa amezidi. Na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuacha tatizo lilale hadi kesho, alitafuta mtaalamu.

Mke alikuwa mkuu wa mauzo kwenye kiwanda cha magodoro. Wauzaji wake walimwita Komanda, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye usoni pake, na yeye akalipenda jina. Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kupita madukani na masokoni na sanduku la mawe ya shaba, kupima mizani za wafanyabiashara, na kupiga muhuri zile zinazosema kweli. Watu walimwita Gramu. Hakulipenda wala kulichukia.

Mtaalamu alijiita Profesa. Kabla ya namba aliuza bima. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fotokopi, ikiwa na viti viwili vya wateja, ubao mweupe, na cheti ndani ya fremu chenye maandishi madogo kiasi kwamba hakuna mteja aliyewahi kujua ni cha nini.

"Sitaki kujua matatizo yako, dada yangu," alisema Profesa. "Nipe tarehe tu. Yako na yake. Ukinieleza matatizo utaniharibia hesabu."

Kisha akamuuliza mume anafanya kazi gani, wana watoto wangapi, nani hulipa nini, na mara ya mwisho walicheka pamoja lini. Robo saa ilipita kabla hajagusa kalamu.

"Wewe," akaanza, akiandika. "Tarehe tisa, mwezi wa tatu, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tano. Tisa inabaki tisa, tatu inabaki tatu. Mwaka tunauvunja: moja, tisa, nane, tano, ishirini na tatu. Mbili na tatu, tano. Sasa tisa, tatu na tano ni kumi na saba. Moja na saba?"

"Nane," alisema Komanda, kama mwanafunzi wa mbele.

"Nane. Hiyo ndiyo Namba yako ya Njia. Nane ni mtendaji. Ni mali, mamlaka na malengo. Nane akiona mlima haulizi kwa nini upo, anauliza kilele kiko wapi. Ukikaa bila kazi unaumwa kichwa. Nadanganya?"

Hakudanganya. Komanda alianza kumheshimu.

"Bwana wako: tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne, mwaka elfu moja mia tisa na themanini. Moja na mbili, tatu. Nne inabaki nne. Mwaka, kumi na nane, yaani tisa. Jumla kumi na sita. Moja na sita, saba." Akaizungushia saba duara, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. "Pole."

"Pole ya nini?"

"Saba ni mtu wa ndani. Anafikiri, anachunguza, anataka ukweli wa kila kitu, na watu wengi wanamchosha. Mali haimshtui. Wewe unapima maisha kwa ulichofanya, yeye kwa alichoelewa. Tena saba yake inatokana na kumi na sita, na kumi na sita ni namba ya deni la zamani. Tunaichora kama mnara unaobomoka. Mtu wa aina hiyo akianguka, huanguka ndani kwa ndani."

Akachora vikundi vitatu. Moja, tano na saba ni namba za akili. Mbili, nne na nane ni namba za kazi na biashara. Tatu, sita na tisa ni za hisia na ubunifu. Namba za kikundi kimoja huelewana bila mkalimani. Saba na nane, alisema, zimekaa jirani kwenye kuhesabu lakini hazipeani chumvi.

"Kwa hiyo tuachane?" Komanda aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama bidhaa irudishwe kiwandani.

"Hapana, hapana. Saba na nane wakijipanga ni hatari. Saba anaona mbali, nane anatekeleza. Na ukiwajumlisha, kumi na tano, moja na tano, mnapata sita. Sita ni nyumba, familia na wajibu. Ndoa yenu yenyewe inataka kuwa nyumba. Ila nane ana kosa moja. Anamsukuma saba. Anamhoji kama karani. Saba akihojiwa anajifunga kama kobe." Akashusha sauti. "Mpe nafasi yake. Mpe saa zake za upweke. Akikaa kimya, usiingie. Saba haulizwi, dada. Saba husubiriwa."

Komanda aliandika sentensi hiyo kwenye daftari lake la mauzo.

Kabla hajaondoka, Profesa alimtazamia mwaka. Hesabu ni ile ile, ila badala ya mwaka wa kuzaliwa unaweka mwaka uliopo. Elfu mbili ishirini na tatu inatoa saba. Yake: tisa, tatu, saba, kumi na tisa, kumi, moja. Mwaka wa kwanza katika mzunguko wa miaka tisa. Mwaka wa kupanda mbegu, kuanzisha jambo, kutoka chini ya watu.

"Na wake?"

"Tatu, nne, saba. Kumi na nne. Tano. Mwaka wa mabadiliko."

"Mabadiliko gani?"

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho asubuhi ile, namba zilipogonga msumari kichwani. Profesa aliuangalia ubao, akamwangalia mteja, akakumbuka ameambiwa mume ni mtumishi wa serikali wa miaka kumi na sita.

"Ya ndani," alisema.

Komanda alilipa, akaomba risiti.

*

Ukweli wa Gramu ulikuwa mfupi. Tajiri mmoja wa sukari alikuwa na mizani kubwa ya jumla iliyoiba gramu arobaini kila kilo. Gramu aliipima mara tatu, akakataa kupiga muhuri. Tajiri alitabasamu, akapiga simu. Siku ya tatu Gramu alipewa barua iliyosema amesimamishwa bila mshahara, kwa kushukiwa kuomba rushwa, hadi uchunguzi utakapokamilika. Aliyeitia saini barua alikuwa shemeji wa huyo tajiri.

Alikusudia kumwambia mkewe siku ile ile. Lakini Komanda alirudi akiwa na hasira za magodoro mia mbili yaliyolowa ghalani, na Gramu akaona si vizuri kuweka mzigo juu ya mzigo. Kesho yake alisubiri nafasi nzuri. Mtu aliyezoea kusubiri mshale wa mizani utulie hakosi subira. Siku zikawa wiki.

Jumamosi ile, mke aliporudi kutoka kwa Profesa, Gramu alikuwa ameshaamua. Alikuwa amepika chai, akaipanga mezani. Binti yao wa miaka kumi alikuwa nje akiruka kamba.

"Mke wangu," alisema, "kuna jambo nataka—"

"Usijilazimishe," alisema Komanda, akamwekea mkono begani kwa upole ambao haukuwa wake. "Najua. Nimekuelewa leo kuliko miaka kumi na mmoja yote."

"Umejua nini?"

"Wewe ni saba."

Gramu aliweka kikombe chini. Akaelezwa. Alielezwa kuhusu kumi na sita, mnara, vikundi vitatu, na nyumba ya sita. Alisikiliza kwa makini kama kawaida yake, na usikivu huo ukachukuliwa kama ushahidi zaidi.

"Kwa hiyo kuanzia leo," alimaliza Komanda, "sikuulizi kitu. Ukiwa tayari utasema mwenyewe."

"Niko tayari."

"Unaona? Unasema hivyo ili kuniridhisha. Saba hufanya hivyo."

Mchana huo alihamisha magunia na ndoo kutoka stoo, akaweka kiti, meza ndogo na taa. Alibandika ukutani ratiba: saa kumi na mbili hadi saa mbili, Baba asisumbuliwe. Gramu alikaa humo saa mbili za kwanza akinusa vitunguu vilivyokuwa vimehifadhiwa pale, akisikia mkewe akimwambia mtoto kwa fahari, "Shii. Baba anafikiri."

Alikuwa anafikiri, kweli. Alikuwa anafikiri ada ya shule itatoka wapi.

Alijaribu tena mara mbili. Mara ya pili alipanga kuanzia mbali, akasema kazini mambo yamebadilika. Komanda aliruka kwa furaha: "Tano! Profesa alisema tano!" Akampigia simu mhasibu wa kiwandani, ambaye naye alikuwa mteja wa Profesa, kumweleza jinsi ilivyotimia. Simu ilichukua dakika arobaini. Gramu akaingia stoo kwa hiari.

Mara ya tatu aliandika barua, akaiweka juu ya kabati la vyombo, kisha akaiondoa. Hapo hakuzuiwa na mtu. Tusimsingizie Komanda kila kitu. Mwanamume huyu alikuwa amegundua kwamba kusamehewa kabla ya kusema ni starehe kubwa. Mke hamhoji, mtoto anapita kwa kunyata, na sahani yake inafunikwa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alikuwa na cheo, na cheo chenyewe hakikudai mshahara.

*

Mchana aliketi kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje wa hospitali kuu. Alipachagua kwa akili: kuna mabenchi, kuna feni, na hakuna anayemuuliza mtu aliyekaa hospitali anasubiri nini. Baada ya wiki tatu wauguzi walianza kumsalimu. Mmoja wao, mama mnene mwenye huruma, alimwinamia siku moja akamnong'oneza, "Baba, majibu yako bado tu? Usikate tamaa." Gramu akamshukuru. Kesho yake alihamia sokoni.

Sokoni kulikuwa na mizani nyingi mbovu kuliko nzima, na yeye alikuwa na bisibisi. Akaanza kutengeneza. Muuza nyama, ambaye Gramu alimtoza faini mwaka jana, alimkabidhi mizani yake mbele za watu.

"Mkaguzi, leo huna muhuri?"

"Leo nina bisibisi."

"Haya basi. Rekebisha. Ila usiirekebishe sana."

Watu wakacheka. Gramu aliirekebisha mpaka ikawa sawa kabisa, na muuza nyama akamlipa nusu, akidai amemharibia biashara. Jioni, kabla ya kupanda ngazi za nyumbani, alinawa grisi kwa mchanga na sabuni kwenye bomba la nje, akafunga vifungo vya sare, akaingia kama mtumishi wa umma.

*

Wiki ya sita Komanda alitangaza habari wakiwa mezani. Mama mkwe wake, mama yake Gramu, alikuwa amefika siku hiyo kutoka kwake kwa ajili ya kliniki ya macho, na Komanda alifurahi kuwa na shahidi.

"Nimeacha kazi," alisema. "Nimepeleka barua leo asubuhi. Nafungua duka langu la magodoro. Chumba nimekipata, barabara ya pili kutoka kituoni, kina vioo mbele."

Kijiko cha Gramu kilisimama njiani.

"Ungesubiri kidogo," alisema.

Komanda alimgeukia mama mkwe kwa tabasamu la mshindi. "Mama, umesikia? Profesa alisema hivi hivi. Nane akitaka kuruka, saba atasema subiri."

"Nani saba?" aliuliza bibi, lakini mtoto alikuwa anamwaga maji na swali lake likapotelea kwenye kitambaa cha kufutia.

"Miezi sita ya kwanza tutakula mshahara wako," Komanda aliendelea. "Ni mdogo, sisemi uongo, lakini ni wa uhakika. Akiba yangu yote inaingia dukani. Wewe ndiye nguzo sasa. Najua umefurahi."

Gramu alisema amefurahi. Alisema hivyo kwa sauti ndogo sana, na Komanda, aliyekuwa amejifunza, hakumuuliza kwa nini.

*

Mwenye jengo alitaka mdhamini mwenye ajira. Ilihitajika barua moja tu kutoka ofisini kwa mume, na Komanda hakuona sababu ya kumsumbua saba kwa jambo la karatasi. Alikwenda mwenyewe. Alivaa gauni la mikutano.

Karani wa mapokezi katika ofisi ya vipimo alikuwa kijana mwenye adabu. Alilisikia jina, akaacha kuandika.

"Mama, wewe ni nani yake?"

"Mke wake."

"Mke wa ndoa?"

"Una maana gani, mke wa ndoa? Nataka barua ya utambulisho wa mwajiriwa. Ni dakika tano."

Karani alitazama kulia na kushoto. Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na wauza mchele wanne waliokuja na mizani zao, na wote walikuwa wameacha kuzungumza. "Hatuwezi kuitoa, mama. Amesimamishwa. Hii ni wiki ya saba. Nilifikiri..." Hakumalizia alichofikiri.

"Umekosea mtu," alisema Komanda. "Mume wangu ametoka nyumbani leo saa moja na nusu. Na sare."

"Ndiyo, mama," karani alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Nyuma yake muuza mchele mmoja akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti ya kutosha, "Basi kuna nyumba nyingine."

Komanda aliwahi kufukuza wauzaji kumi na tisa kwa kushindwa kujua kinachoendelea katika maeneo yao.

*

Hakurudi nyumbani kwa kupiga kelele. Aliketi sebuleni akisubiri, na mama mkwe, akiwa na dawa machoni na kichwa amekilaza nyuma, alihisi kuna mtu asiyepumua vizuri chumbani.

"Mkwe, kuna nini?"

Komanda akamweleza. Yote, kuanzia ofisini kurudi nyuma: ukimya, Profesa, stoo, saba.

"Saba ya nini?" bibi aliuliza safari hii, na hakukuwa na maji ya kufuta.

"Ya tarehe yake, mama. Kumi na mbili, mwezi wa nne."

"Nani kakwambia alizaliwa kumi na mbili?"

"Iko kwenye cheti."

"Cheti kiliandikwa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa na haraka ya kwenda kula. Tarehe kumi na mbili nilishinda nalia kutwa nzima hakuzaliwa mtu. Mkunga akachoka, akaenda kwake. Kumi na tatu asubuhi, chai imeshanywewa, ndiyo akatoka huyu. Alichelewa toka siku ile. Kumi na tatu. Nani atajua kuliko mimi?"

Komanda, licha ya yote, alihesabu. Vidole vyake vilijihesabia vyenyewe gotini. Moja na tatu, nne. Nne, nne na tisa. Kumi na saba. Nane.

Gramu alifungua mlango wakati huo. Aliona sura mbili, akaweka mkoba chini.

"Umetoka wapi?" aliuliza Komanda. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa mumewe baada ya wiki tano.

"Sokoni," alisema Gramu. Na alipoona anaendelea kutazamwa, akaongeza, "Wamenisimamisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisijilazimishe."

"Na wewe ukakubali!"

"Nikakubali," alisema Gramu. Hakuwa na utetezi mwingine, na alikuwa mtu wa vipimo, asingeweza kuongeza uzito ambao haupo.

*

Mtu angedhani hapo Komanda angemalizana na namba. Asubuhi iliyofuata aliwahi kwa Profesa kabla duka la fotokopi halijafunguliwa, akamvuta na mumewe. Watu wengi hurudi kwa fundi aliyewaharibia nguo, kwa sababu ndiye mwenye vipimo vyao.

"Tarehe ilikosewa," alisema. "Ni kumi na tatu."

Profesa hakutikisika. Alifuta ubao, akahesabu upya, akaizungushia nane duara kwa wino mwekundu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nilihisi. Niliona saba ina uzito usio wake. Sasa picha imekamilika. Nane na nane, mafahali wawili zizi moja. Wote mnataka kushika usukani. Kwa nini alinyamaza? Nane hakubali kuonekana ameshindwa. Kwa nini aligombana na tajiri? Nane hataki bosi juu yake. Na jumla yenu, kumi na sita, inarudi saba. Ndiyo maana nyumba ilijaa kimya. Ukimya haukuwa wa bwana, dada yangu. Ulikuwa wa ndoa."

Komanda aliutazama ubao. Jambo la kutisha ni kwamba ilifaa. Ilifaa kama ilivyofaa ile ya kwanza.

"Naomba niulize," alisema Gramu.

"Uliza, ndugu yangu. Nane huuliza."

"Mwaka wangu. Ulimwambia tano, mabadiliko. Kwa tarehe mpya ni nne, nne, saba. Kumi na tano. Sita. Nyumba na wajibu. Kwa hiyo niliposimamishwa, namba isiyo yangu ndiyo iliyojua, na namba yangu haikujua?"

Profesa alieleza kwamba kupoteza kazi kulimrudisha nyumbani, na nyumba ni sita.

"Kazini," alisema Gramu polepole, "tunapokagua mizani tunaweka jiwe tunalolijua. Kilo moja. Ikisema kilo, sawa. Kisha tunaweka nusu kilo. Mizani nzuri lazima ikatae kusema kilo. Ile inayosema kilo kwa kila jiwe hatuiiti nzuri. Wenyewe huipenda sana, lakini hatuipigi muhuri."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa mbele ya mkewe. Profesa alimsifu kwa uchambuzi wake, akasema hata nane huwa na kivuli cha saba, akataja ada ya kusoma upya.

"Ya kwanza unirudishie," alisema Komanda.

"Dada, elimu hairudishwi."

"Nauza magodoro miaka tisa. Mteja akileta godoro lililobonyea siku ya pili, simwambii ubonyeaji umo kwenye mgongo wake. Nirudishie."

Hakurudishiwa. Alipewa punguzo la kikao cha mwaka ujao, kwenye karatasi yenye muhuri.

*

Alasiri ile ile alikwenda kiwandani kuomba barua yake ya kuacha kazi irudishwe. Ofisi yake ilikuwa na mtu: msichana aliyemfundisha mwenyewe kuuza, na ambaye sasa alimkaribisha kiti cha wageni na kumuuliza kama angependa maji. Meneja alimweleza kwamba kiwanda kinamtakia heri katika safari yake mpya. Alishuka ngazi akitazama mbele. Getini mlinzi alimpigia saluti kwa mazoea, na hiyo ndiyo nusura imlize.

Mwenye jengo alikubali mkataba bila mdhamini, kwa kodi ya juu zaidi. Duka likafunguliwa na magodoro kumi na mawili badala ya arobaini. Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa na ya aibu, ikawekwa meza, na juu ya meza bisibisi, mafuta na mawe ya shaba ya kununua. *Tunatengeneza mizani*, kibao kilisema. Mwezi wa kwanza mizani zililipa kodi na magodoro hayakulipa kitu. Komanda aliandika hesabu hiyo mwenyewe, kwa mkono uliokuwa ukibonyeza kalamu sana, na kwa siku mbili alikuwa mkali kwa kila mtu.

Uchunguzi dhidi ya Gramu uliisha mwezi wa tano tangu asimamishwe, kwa barua isiyosema ana hatia wala hana. Ilimwambia arudi kazini, kituo cha mbali, siku mbili kwa gari. Mizani ya tajiri wa sukari ilikuwa imeshapigwa muhuri na mtu mwingine. Gramu aliisoma barua mara mbili, akaiweka chini ya kopo la grisi.

"Utakwenda?" mkewe aliuliza.

"Sijui."

Zamani jibu hilo lingetosha kumkasirisha, na baadaye lingetosha kumridhisha. Ilikuwa saa tisa, hakuna mteja, jua limejaa kwenye vioo. Komanda alivuta godoro la inchi sita, akalikalia bila kulivua nailoni.

"Niambie kuhusu hiyo sukari," alisema. "Tangu mwanzo. Sijawahi kuisikia."

Gramu akaanza. Na ikagundulika kwamba mtu huyu, aliyedhaniwa ana kisima cha fikra, alikuwa na maneno mengi na ya kuchosha kupita kiasi. Alieleza mkono wa mizani ulivyokuwa na urefu gani upande huu na upande ule. Alieleza kutu. Alirudi nyuma kusahihisha siku, ilikuwa Jumanne, hapana, Jumatano. Alieleza gramu arobaini zilivyofichwa kwa kipande cha madini ya risasi kilichobandikwa chini ya sahani, na gundi yenyewe ilikuwa ya aina gani. Hapakuwa na fumbo lolote. Palikuwa na mtu aliyeonewa, na alitaka kuisema habari hiyo yote, bila kuruka hata skrubu.

Komanda alipiga mwayo akauficha. Alifikiria magodoro kumi na moja yaliyobaki, akajirudisha. Nailoni ililia chini yake alipojisogeza karibu na meza.

"Basi ukaibandua hiyo risasi," alisema. "Halafu?"